Tupeane uzoefu: rikruta wa nje ulimwambia lini kwamba unahitaji kusponsiwa viza?

Mnyegezi
Wakuu habari za jioni, naanza na yangu. Nafanya mambo ya data, nakaa Nyegezi hapa Mwanza. Mwaka jana rikruta wa London alinifuata LinkedIn akauliza kama niko tayari kuhamia Uingereza, nikamjibu fasta "hata mwezi ujao nahama". Mi nilimaanisha niko tayari kupanda ndege, yeye akaelewa ruhusa ya kufanya kazi ninayo. Intavyu 4, wiki 6, moja nimefanyia kwenye gari la jirani maana umeme ulikatika. Mwisho mtu wa rasilimali watu ananiomba `share code`, ile namba anayotoa kwenye GOV.UK mtu ambaye tayari ana viza. Sina. Kampuni nayo haina leseni ya kusponsa. Ikaishia hapo, na iliniuma sana.

Siku hizi meseji ya kwanza naandika hivi: mimi ni raia wa Tanzania, naishi Mwanza, sina ruhusa ya kufanya kazi Uingereza, nitahitaji viza ya Skilled Worker, je mwajiri ana leseni na nafasi hii anaisponsa? Rikruta 5 wa mwisho, 3 walikataa siku ileile. Nyie mnafanyaje?

Mama Wawili Igoma
Mdogo wangu unajifungia milango mwenyewe. Binamu yangu alinyamaza mpaka ofa ikatoka ndo akasema, wakamhangaikia na sasa yuko Ujerumani. Wakishakupenda watatafuta njia.

Kapripointi
Dada kwa Ujerumani inawezekana, kule mwajiri hahitaji leseni maalum ya kusponsa, binamu alipeleka mkataba wake ubalozini akaombea viza. Uingereza haiendi hivyo. Nilikuwa upande wa waajiri kule miaka kadhaa. Kampuni isiyo na leseni haiwezi kutoa cheti cha sponsa, na bila cheti huna cha kuombea viza, hata wakupende vipi. Kuomba leseni wanaweza, ila ni kama wiki 8 na gharama juu, kwa mtu mmoja wengi hawahangaiki.

Mnyegezi meseji yako nzuri ila ongeza mshahara. Tangu Julai 2025 nafasi nyingi za Skilled Worker zinataka angalau pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi nyingine zaidi ya hapo. Kampuni inaweza kuwa na leseni na nafasi bado isisponsike kwa sababu inalipa 36,000. Na orodha ya wenye leseni iko wazi GOV.UK, ila tafuta jina la mwajiri lililosajiliwa, sio la wakala anayekuandikia wala jina la biashara kwenye tangazo. Wakala akificha mteja, mwulize tu kama mteja yumo kwenye orodha.

Neema wa Bwiru
Yangu mimi ni ya Marekani, nilisoma huko kompyuta. Fomu zao zina maswali mawili na watu wanayachanganya: sasa hivi una ruhusa ya kufanya kazi? Na je, sasa au baadaye utahitaji kusponsiwa? Nikiwa na OPT, yaani ruhusa ya muda ya kufanya kazi ukishahitimu chuo huko, swali la kwanza nilijibu ndiyo, na la pili pia ndiyo, kwa sababu OPT ni miezi 12, kwa fani yangu inaongezwa 24, halafu ndo unahitaji H-1B, viza ya kazi anayokuombea mwajiri, ambayo ni bahati nasibu. Mwenzangu alijaza hapana la pili, miezi 36 inakaribia anaenda kuomba asponsiwe, bosi anamfungulia fomu yake mwenyewe. Mimi meseji yangu ilikuwa na tarehe kabisa: naweza kuanza leo, ruhusa inaisha tarehe fulani, baada ya hapo nitahitaji H-1B. Nilijibiwa vizuri zaidi kuliko nilipoandika "nina OPT" tu, wengi hawajui ni nini.

Dogo Buzuruga
Wakuu kuna wakala hapa mjini anasema sponsa wa Uingereza ni milioni 3, nilipe?

Kapripointi
Usilipe mdogo wangu. Ada ya cheti cha Skilled Worker na ile tozo ya ujuzi analipa mwajiri, haruhusiwi kukubambikia wewe. Wewe unalipia maombi yako ya viza na bima yao ya afya, na unalipa serikali yao moja kwa moja.

Mama Wawili Igoma
Haya nimeelewa ya leseni. Ila Mnyegezi, hao 2 waliobaki vipi?

Mnyegezi
Dada, mmoja kimya. Mwingine alisema hawasponsi ila wanaweza kunilipa kama mkandarasi nikiwa hapahapa Nyegezi. Sasa fomu yao ina lile swali la kusponsiwa, ndiyo au hapana, bila pa kuelezea. Nikiweka ndiyo mfumo unanitoa. Mi sihami, nitaweka hapana na nimwandikie rikruta sababu, ila Kapripointi, baadaye wakiniita huko si itaonekana nilidanganya?

Kapripointi
Meseji iwe na tarehe na uiweke isipotee. Zaidi ya hapo inategemea aliyeandika fomu alimaanisha nini, mwulize kabla hujabonyeza.