Naomba ushauri: faili la mwalimu tarajali limejaa "somo limeeleweka"

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa. Ninamlea mwalimu tarajali wa hisabati darasa la tano, anamaliza mazoezi Ijumaa. Faili lake safi: azimio la kazi, maandalio yote, zana zimechorwa. Kinachonisumbua ni sehemu ya tathmini. Karibu kila andalio limefungwa kwa "Somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi", wino uleule, kana kwamba yameandikwa usiku mmoja.

Nikachukua madaftari ya siku ya kujumlisha sehemu. Wanafunzi 48, waliopata ni 17. Wengi wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, yaani wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kesho yake yeye kaendelea na kutoa.

Lakini kuna andalio moja kaandika: "Wamechanganya mzingo na eneo, kesho nitatumia kamba uwanjani." Na kweli alitumia, nilikuwepo.

Sasa, nimkate alama za tathmini zote, au nikae naye na madaftari hayo anieleze kwa mdomo kilichotokea, ndipo nimpe alama? Kumrudishia aandike upya sitaki, ataniandikia ninachotaka kusikia. Nyie mnafanyaje?