Msukosuko wa 2008: kosa lilikuwa kufungasha mikopo ya nyumba, au mikopo yenyewe?

Muuliza mada
Wakuu, naomba tuchambue hili. Mikopo ya nyumba ya wakopaji dhaifu kule Marekani mwaka 2007 ilikuwa kama dola trilioni 1.3. Hisa za kampuni za intaneti zilipoporomoka kuanzia 2000 watu walipoteza zaidi ya hapo, na mfumo wa benki duniani haukuanguka. Sasa iweje nyumba kushuka bei Nevada na Florida kuiangushe dunia? Ni kule kuigeuza mikopo kuwa hatifungani, au mikopo ilikuwa mibovu tangu mwanzo?

Mchumi wa Kijitonyama
Mkuu, kosa ni kufungasha. Zamani benki ilikukopesha na kukaa na mkopo wako miaka 30, kwa hiyo ilikuchunguza vizuri. Baadaye kampuni ikawa inakopesha leo na kuuza mkopo mwezi ujao, haina habari tena kama utalipa. Mikopo ikarundikwa, ikakatwa vipande, vipande vikasambazwa dunia nzima. Kila mwekezaji akabeba kidogo cha hasara, ndiyo maana kila nchi iliumia.

Msomaji wa Waraka
Ndugu Mchumi, nusu ya kwanza nakubaliana nawe. Nusu ya pili sikubaliani nayo, na hapo ndipo penye jibu. Kama kila mwekezaji angebeba kidogo tu, pasingekuwa na msukosuko. Wastaafu wa nchi ishirini wangepoteza asilimia moja ya akiba yao, wakalalamika, basi. Hisa za intaneti ziliishia hivyo kwa sababu wenye hisa wengi hawakuwa benki. Hatari ya nyumba ilionekana imesambaa, kumbe ilikuwa imerudi kujikusanya ndani ya taasisi chache zilizojaa madeni.

Tufanye hesabu. Chukua mikopo 1,000 ya dola 200,000 kila mmoja. Kapu lina dola milioni 200. Linauzwa kwa kampuni maalumu isiyo na kazi nyingine, nayo inatoa hatifungani za matabaka. Tabaka la chini ni milioni 6, yaani asilimia 3, na ndilo linalopigwa kwanza. Juu yake lipo tabaka la milioni 8 lenye daraja la BBB, yaani usalama wa wastani, linalobeba hasara ya kati ya asilimia 3 na 7. Juu ya hapo yapo matabaka mengine, na asilimia 80 ya kileleni, milioni 160, inapewa AAA, daraja la juu kabisa la usalama, kwa kuwa haiguswi mpaka hasara ipite asilimia 20.

Sasa tuseme mkopaji akishindwa na nyumba ikapigwa mnada, nusu ya mkopo inapotea, dola 100,000. Wakishindwa watu 60, tabaka la chini limekwisha. Wakishindwa 80, BBB imepoteza robo yake. Wakishindwa 140, BBB imekufa kabisa. AAA bado haijapoteza hata senti. Mpaka hapa ufundi ni mzuri na unafanya kazi, tena umekuwepo tangu 1970 pale Ginnie Mae, shirika la serikali ya Marekani, lilipodhamini hatifungani za kwanza za aina hii.

Balaa lilikuja kwenye kapu la pili. Vipande vya BBB vilikuwa vigumu kuuzika, kwa hiyo benki za uwekezaji zilikusanya BBB za makapu mia moja, milioni 8 mara 100, dola milioni 800, zikazikata tena matabaka. Robo ya chini ibebe hasara, na robo tatu ya juu, milioni 600, ikapewa AAA. Hoja ilikuwa kwamba BBB zote haziwezi kufa kwa pamoja: Florida ikiyumba, Ohio itasimama.

Rudi kwenye hesabu. Kapu la kawaida likifikisha watu 80 walioshindwa kati ya 1,000, BBB zimepoteza robo, na AAA ya kapu la pili iko salama kabisa. Wakifika 140, AAA hiyo ni sifuri. Tofauti ni watu 60 katika kila elfu. AAA ya kapu la kwanza na AAA ya kapu la pili zilibeba herufi zilezile tatu, lakini ya pili ilikuwa inapita kutoka uzima hadi kifo ndani ya asilimia 3 za hasara, mradi tu bei za nyumba zishuke nchi nzima kwa wakati mmoja. Na zilishuka nchi nzima.

Mkaguzi wa Hesabu
Hesabu yako safi, mwalimu, lakini umeanza na watu 80 na 140 kana kwamba namba hizo zimeshuka kutoka mbinguni. Kwa nini walishindwa? Kwa sababu walipewa mikopo wasiyoiweza. Miaka miwili ya riba nafuu, kisha miaka 28 ya riba inayopanda. Mkopaji alitegemea bei ya nyumba ipande ili akope upya kabla riba haijabadilika. Bei iliposimama katikati ya 2006, njia ilifungwa. Hilo lingetokea hata mikopo ingebaki kabatini.

Halafu niambie kuhusu Ireland. Benki ya Anglo Irish haikuhitaji kapu la kwanza wala la pili. Iliwakopesha wajenzi na wanunuzi wa viwanja, mikopo ikabaki kwenye mizania yake yenyewe, na bado ilikufa na kuitwisha serikali mzigo. Benki kukaa na mkopo wake si dawa.

Mchumi wa Kijitonyama
Na waliotoa AAA je? Kampuni za kupanga madaraja zililipwa na walewale wenye kuuza hatifungani. Moody's mwaka 2006 iliipa AAA wastani wa hatifungani 30 za mikopo ya nyumba kila siku ya kazi, na asilimia 83 ya zile za mwaka huo zilikuja kushushwa daraja. Mimi naona hapo ndipo penye uhalifu.

Msomaji wa Waraka
Mkaguzi, Ireland ni hoja nzito, siikwepi. Benki ikikopesha ovyo itakufa, imefungasha au haikufungasha. Ila angalia nani alizikwa naye. Hasara za Anglo Irish ziliwaangukia hasa walipa kodi wa Ireland. Hasara za nyumba za Marekani ziliiangusha IKB ya Düsseldorf, benki ya kukopesha viwanda vya kati vya Ujerumani, mwishoni mwa Julai 2007. Ilikuwa imeweka kando mfuko uliokopa kwa hati za muda mfupi na kununua hatifungani hizi za muda mrefu. Waliokuwa wakiukopesha walipokataa kukopesha tena, mfuko ulikosa pesa na mzigo ukairudia IKB yenyewe.

Tarehe 9 Agosti 2007 benki ya Ufaransa BNP Paribas ilifunga mifuko mitatu kwa maelezo kwamba haiwezi kujua thamani ya vilivyomo. Wakati huo waliokuwa wameshindwa kulipa bado walikuwa sehemu ndogo ya wakopaji wote. Kilichokwisha ni uwezo wa mnunuzi kutofautisha kipande kizima na kibovu. Ukitaka kujua kapu la pili lina nini, ufungue makapu mia, kila moja na mikopo yake maelfu na waraka wake wa mamia ya kurasa. Karibu hakuna aliyefanya hivyo, kwa hiyo vyote vikakataliwa kwa pamoja.

Kuhusu ubora wa mikopo, nakubali kabisa, lakini kufungasha ndiko kulikoulipia ubovu huo. Chukua kapu moja halisi, GSAMP Trust 2006-S3 la Goldman Sachs. Lilikuwa na mikopo 8,274, dola milioni 494, na yote ilikuwa mikopo ya pili juu ya nyumba ambayo tayari ina mkopo wa kwanza. Ukijumlisha madeni, wastani ulikuwa asilimia 99.29 ya thamani ya nyumba. Asilimia 58 ya mikopo haikuwa na hati za kipato, au zilikuwa pungufu. Zaidi ya theluthi ilikuwa California. Nyumba ikishuka hata asilimia 5, hasara ya mnadani inamwangukia aliyekopesha wa pili, maana wa kwanza analipwa kwanza. Na bado asilimia 68 ya kapu ilipata AAA. Hakuna ofisa mikopo ambaye angeweka mafaili hayo kwenye mizania ya benki yake kwa hiari.

Mkopaji wa Tegeta
Samahanini wakuu, mnanitia hofu. Nina mkopo wa nyumba Dar wa miaka 15, na benki iliniambia fedha zake zimetoka TMRC. Ina maana mkopo wangu nao umeuzwa? Nikichelewesha marejesho nitadaiwa na nani?

Mkaguzi wa Hesabu
Kaka, tulia. TMRC inaikopesha benki yako, na mikopo kama wako inakuwa dhamana. Benki ndiyo inayodaiwa na TMRC, ulipe usilipe. Mkopo wako ukiwa chechefu, hasara ni ya benki. KMRC ya Kenya nayo inazikopesha taasisi za mikopo kwa mtindo huohuo. Ukichelewa, nenda tawi ulilokopea. Huo ndio mpango ninaoutetea, na ndiyo maana nasema tatizo si kutafuta fedha sokoni.

Mchumi wa Kijitonyama
Basi dawa ni rahisi: anayefungasha alazimishwe kubaki na kipande. Marekani yenyewe ilitunga sheria 2010, abaki na asilimia 5.

Msomaji wa Waraka
Ningependa iwe rahisi hivyo, ndugu yangu. Walioumia walibaki na zaidi ya asilimia 5. Novemba 2007 Citigroup ilitangaza kwamba ina dola bilioni 43 za vilele vya makapu ya pili. Merrill Lynch iliuza vyake Julai 2008, vilivyoandikwa thamani ya awali ya dola bilioni 30.6, kwa senti 22 kwa kila dola. Walibaki navyo kwa sababu riba yake ndogo haikuwavutia wanunuzi wa kutosha, na kwa sababu kanuni za mtaji ziliwapendelea. Marekani, kwa kila dola milioni 100 za mikopo ya kawaida ya nyumba, benki ilitakiwa kuweka mtaji wa milioni 4. Mikopo ikigeuzwa hatifungani za AAA, ilitosha milioni 1.6. Benki iliuza mikopo mlangoni ikanunua AAA dirishani, na ikaachilia zaidi ya nusu ya mtaji uliokuwa uilinde.

Kwa hiyo anayetaka kuzuia balaa hili aangalie kwanza mtaji wa benki dhidi ya AAA, kisha apige marufuku kufungasha mara ya pili. Kapu la kwanza mimi ningeliacha.

Mkaguzi wa Hesabu
Kwenye mtaji tuko pamoja. Lakini Ireland hujaijibu bado. Mtaji wa Anglo haukupunguzwa na AAA yoyote.

Msomaji wa Waraka
Kweli, sijaijibu. Kwa Ireland ningeanza na mikopo ya wajenzi na fedha za muda mfupi ambazo benki zao zilikopa nje ya nchi. Ila ukisema fedha hizo zilikauka 2008 kwa sababu ya kufilisika kwa benki ya Marekani ya Lehman, tunarudi kwenye makapu ya Marekani. Ukisema zingekauka hata bila Lehman, tuwekee hapa ratiba ya madeni yao yalivyokuwa yanaiva, tuisome pamoja.