Bodi ya chuma, alumini au kaboni: ipi inapokea kishindo vizuri?

MamaZuhura_Tanga
Habari zenu. Nimeoneshwa BMW i3 ya mwaka 2014 iliyotoka Japani. Shemeji ananikataza: anasema ni gari ya kaboni, na kaboni haikunjiki, inapasuka kama glasi, bora nitafute ya alumini au nibaki na chuma changu. Nabeba watoto wawili wa shule kila siku. Naomba mnilinganishie.

Kibopa73
Chuma, dada. Gari za zamani ulikuwa ukigonga mti, unashuka unapangusa bampa, safari inaendelea. Za siku hizi zinakunjika kama bati. Uzito ndio usalama.

Mhandisi_Kimara
Kaka Kibopa, uzito unakusaidia ukigongana na gari nyepesi. Mbele ya mti haukusaidii, kwa sababu gari nzito inafika pale na nishati nyingi zaidi. Chukua gari ya kilo 1,200 inayokwenda kilomita 54 kwa saa: ina jouli 135,000 zinazotafuta pa kwenda. Pua ikikunjika sentimita 60, wewe uliyefunga mkanda unasimamishwa kwa nguvu ya wastani wa kama mara 19 ya uzito wako. Unaumia, lakini unaweza kupona. Pua ikiwa ngumu ikakunjika sentimita 10 tu, nguvu hiyo inafika mara 115. Bampa imebaki nzima, moyo na ubongo ndio vimepokea kishindo.

Mwaka 2009 Wamarekani waliigonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009. Ile ya zamani chumba chake kilibonyea hadi usukani ukamfuata dereva. Malibu iliumia pua, chumba kikabaki.

Sasa Mama Zuhura, shemeji yako ana nusu ya ukweli. Chuma kinakunjika mkunjo juu ya mkunjo, na kila mkunjo unakula nishati. Alumini inafanya vilevile, na kilo kwa kilo inakula zaidi, ila ni laini kwa hiyo huundwa nene. Kaboni haikunjiki kweli. Ikipigwa kwa kunyooka na ncha yake ikiwa imeandaliwa, inasagika kutoka mbele kwenda nyuma na kuwa makombo, na kwa kilo moja inaweza kuzishinda zote mbili. Ikipigwa kwa pembe isiyotarajiwa inaweza kuvunjika ghafla, na hapo imekula kidogo sana. Ndiyo maana kwenye i3 kaboni ni chumba cha abiria, sehemu isiyotakiwa kukunjika. Chini na mbele kuna alumini, nayo ndiyo inayojitoa.

DullaTuned
Mimi nimefunga boneti ya kaboni kwenye Subaru yangu. Kwa hiyo nikigonga itasagika?

Mhandisi_Kimara
Hapana, Dulla. Boneti ni kifuniko. Kazi inafanywa na ile mihimili miwili inayopita kushoto na kulia kwa injini.

FundiBodi_Keko
Hapo kwenye mihimili ndipo ninapoumia. Ukiitazama kwa karibu utaona kiwanda kimeibonyeza vishimo karibu na ncha. Si kasoro, ni pale mkunjo wa kwanza unapotakiwa kuanzia. Mwezi uliopita nimefungua gari iliyokuwa imegongwa, nikakuta fundi wa mwanzo amechomelea kipande cha bati nene juu ya vishimo, "kuimarisha". Ikigongwa tena, mhimili hautaanza kujikunja mbele. Utajikunja nyuma, kwenye miguu ya dereva.

Mama, alumini nayo usimpe kila fundi. Haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo aliyezoea kunyoosha chuma kwa gesi anaichoma kupita kiasi bila kujua, nayo inalegea. Nenda na sumaku: kwenye mhimili wa alumini haitanasa. Ikinasa, mtu ameweka kiraka cha chuma, na vyuma hivyo viwili vikigusana penye chumvi ya bahari kama hapo Tanga, alumini inalika.

Kaboni fungua milango uitazame kingoni, nyuzi zinaonekana kwa macho. Gonga kwa sarafu. Mlio ukiwa mkali halafu ghafla ukawa butu, tabaka zimeachana ndani.

Mhandisi_Kimara
Sarafu inasaidia, Fundi, lakini haitoshi. Ufa wa ndani mara nyingine unaonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti tu. Mimi i3 iliyowahi kugongwa ubavuni nisingeinunua.

FundiBodi_Keko
Hapo tunatofautiana. Chumba chake kimeundwa kwa vipande, na kiwanda kina utaratibu wa kukata na kugundisha kipande kipya. Shida ni nani hapa nchini anao ujuzi huo.

Kibopa73
Na ngao ya chuma mbele, je? Yangu imefungwa moja kwa moja kwenye hiyo mihimili.

MamaZuhura_Tanga
Asanteni sana. Jumamosi nakwenda na sumaku na sarafu. Muuzaji ameniambia mlango wa nyuma kushoto "ulibadilishwa tu". Fundi, kingo za mlango huo nianzie kugonga wapi?