Ati "ukumbuke kushukuru"! Kwa bonasi gani, bwana wewe?

MtuWaShimanzi
Watu wa Mombasa, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, naandika na mikono yatetemeka. Yule bwana mwamjua. Msijitie hamumjui. Yule wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Leo kaniita ofisini, kanisukumia bahasha kwa vidole viwili kama mtu aogopaye upele, kisha kaniambia: "Ukumbuke kushukuru."

Nishukuru nini? Mwaka jana kwenye tathmini ya kazi nilipata alama 3. Nilikuwa natoka saa kumi na moja kamili, kontena lifunguke lisifunguke. Nikapewa 92,400. Mwaka huu nimelala bohari mpaka mwanangu akawa aniita anko. Krismasi nimeila getini, pilau baridi ndani ya karai. Nimepata alama 4, kwa karatasi, na sahihi yake mwenyewe ipo. Bonasi: 60,480. Nimefungua bahasha mara tatu nikidhani kuna karatasi nyingine imenasa.

Ukumbuke kushukuru! Na huku atafuna korosho!

Pweza_wa_Kibokoni
Hiyo korosho ndiyo bonasi yako iliyobaki.

MamaKaimati
Pole mwanangu. Lakini bonasi si hulipwa kwa kilo? Shemeji yangu kule bara hulipwa kila mwaka, wao hupima majani.

Pweza_wa_Kibokoni
Mama, hiyo ni bonasi ya chai. Huyu hana hata mche.

JuaKaliMikindani
Kaka, ni kodi hiyo. Bonasi hukatwa kodi yake maalumu, kali kuliko ya mshahara. Serikali ndiyo imekula, wamlaumu bure mzee wa watu.

MtuWaShimanzi
Kodi bado! 60,480 ni kabla ya kukatwa. Na huyo "mzee wa watu" amesema UKUMBUKE KUSHUKURU, wewe wamtetea?

HesabuZaMchana
Nimekaa ofisi za mishahara miaka kumi na moja, basi niulize. Mshahara wa msingi ni ngapi, asilimia yako ni ngapi, na barua yasema kampuni imefikia wapi? Posho ya nyumba usiiweke, kwa mipango mingi hiyo haihesabiwi.

MtuWaShimanzi
Msingi 70,000. Asilimia 10 ya mwaka. Alama 4 ni mara 1.2. Barua yasema kampuni imefikia 84% ya lengo la faida.

JuaKaliMikindani
Basi umeibiwa, na mimi nimepata ushahidi. 84% ni 0.84. Asilimia 10 ya mshahara wako wa mwaka ni elfu 84, na elfu 84 mara 1.2 mara 0.84 ni 84,672. Wamekula elfu 24 na ushei. Peleka mahakamani.

HesabuZaMchana
Asipeleke popote kwanza. Hesabu yao ni hii:

```
70,000 x 12 x 10% x 1.2 x 0.6 = 60,480
```

Hiyo 0.6, fakta ya kampuni, ndiyo mwiba. 84% ya lengo haigeuki kuwa 0.84, kwa sababu kampuni huwa na ngazi yake. Ngazi ninayoiona sana ni hii: chini ya 80% ya lengo, sifuri, hakuna mtu apataye kitu. Ukifika 80% wapewa 0.5. Ukifika 100% wapewa 1. Katikati wapanda taratibu. Nyinyi mmepita 80 kwa hatua 4 kati ya 20, yaani moja ya tano ya njia, na moja ya tano ya ile nusu iliyobaki ni 0.1. Ndiyo 0.6 yako. Mwaka jana 92,400 kwa alama 3, ambayo ni mara 1, yaonyesha fakta ya kampuni ilikuwa 1.1, yaani lengo mlilipita.

Sasa tazama: alama yako imepanda kwa humusi, fakta imeanguka karibu nusu. Na kwa kuwa vyote vyazidishwa, kimoja kikianguka chavuta vingine chini. Hata ungepata alama 5, na tuseme hiyo ni mara 1.5, ungetoka na 75,600. Bado chini ya mwaka uliokuwa ukitoka saa kumi na moja.

MtuWaShimanzi
Kwa hiyo ningelala nyumbani?

HesabuZaMchana
Kwa pesa ya mwaka huu, alama 3 ingekupa 50,400. Zile usiku zako zote za bohari zimekuongezea 10,080.

Pweza_wa_Kibokoni
Elfu kumi kwa mtoto kukuita anko! Ukumbuke kushukuru.

MtuWaShimanzi
Nitakupiga block.

HesabuZaMchana
Na wewe Mikindani, bonasi haina kodi ya peke yake. Huingia kwenye mapato ya mwezi huo, na kwa kuwa mshahara wake tayari uko kwenye daraja la 30%, bonasi yote yaanguka hapo. Ndiyo maana watu huiona kama imepigwa zaidi. Kabla ya hapo SHIF wachukua 2.75% na tozo ya nyumba 1.5%. Mkononi atabaki na kama 40,500.

JuaKaliMikindani
Nilisema ni serikali.

DadaWaBuxton
Mimi swali langu ni moja. Hiyo ngazi aliiona Januari, au wameichonga baada ya mwaka kwisha? Kwetu tuliambiwa tumefanya vizuri, tukakatiwa keki, halafu fakta ikaja 0.7. Tulipouliza, tukaambiwa faida imehesabiwa baada ya kutoa hasara ya bohari lililofungwa. Nani alifunga bohari? Mimi?

HesabuZaMchana
Hapo sina jibu. Kama ngazi iko kwenye waraka wa mpango na yasema ni faida ya aina gani, una pa kushika. Kama waraka wasema bonasi ni kwa hiari ya mwajiri, utabishana mpaka koo likauke. Uitishe waraka, Shimanzi, wala usianze na korosho.

MtuWaShimanzi
Nitauitisha. Lakini mmesahau jambo. Yule jirani yangu wa meza, alama 3, kazi yake ni kutafuta chaja, amepata 129,600!

HesabuZaMchana
Msingi wake si 120,000, na daraja lake asilimia 15?

MtuWaShimanzi
...Ndiyo.

HesabuZaMchana
Basi ni 216,000 mara 1 mara 0.6. Alama yako hushindana na yake kidogo sana. Mshahara ndio wenye misuli.

DadaWaBuxton
Na hiyo alama 4 ishukuru kwa kweli. Mimi niliandikiwa 4 na bosi wangu, wakaenda kikao cha kusawazisha alama, ikarudi 3. Ati wenye 4 wamezidi. Hakuna aliyenieleza nimekosa nini.

Mzee_wa_Feri
Nyinyi mwalia na laki. Mimi mlinzi miaka tisa, bonasi yangu ni mchele kilo mbili, na mwaka huu mfuko ulikuwa umetoboka. Nimeuacha njia nzima toka getini mpaka feri, kunguru wananifuata kama imamu.

MamaKaimati
Mchele gani lakini, mzee? Ule wa mapishi au ule wa mawe?

Mzee_wa_Feri
Wa mawe, mama. Na feri yenyewe nikakaa saa nzima juani.

JuaKaliMikindani
Usianze na feri, leo mimi nimesukumwa na mkokoteni wa madafu mpaka kiatu kimebaki Likoni.

MtuWaShimanzi
Huu ni uzi wangu jamani. Korosho! Vidole viwili!

Pweza_wa_Kibokoni
Kiatu cha kushoto au cha kulia?