Naomba ushauri: tangazo la kulipia la duka la viatu vikubwa vya kike linaleta maswali mengi, wanunuzi wachache

Binti wa Makole
Wakuu, habari za jioni. Nina duka dogo Dodoma la viatu vya kike kuanzia namba 42 hadi 45, kwa ajili ya wanawake ambao maduka ya kawaida hayawahudumii. Nimetenga shilingi 120,000 za kutangaza Facebook na Instagram, tangazo ambalo mtu akilibonyeza linamfungulia WhatsApp yangu. Nusu ya fedha imekwisha, wameniandikia watu zaidi ya sabini, lakini walionunua ni wanne tu. Maneno yaliyoambatana na picha ni haya: "KARIBUNI SANA! Viatu vikali vya kike, ubora wa hali ya juu, bei poa. Usikubali kupitwa!" Naomba mnisaidie kuyaboresha ili nusu iliyobaki isipotee.

Kilomita Tano
Dada, tatizo si maneno, ni eneo. Tangazo la duka dogo liwekewe duara la kilomita chache kuzunguka duka, kwa sababu kiatu hununuliwa baada ya kujaribiwa. Mtu wa Kigoma akikuandikia, umelipia maongezi tu. Mimi nina duka la sare za shule, na nilipopunguza eneo hadi kata mbili, wateja walianza kuingia dukani wakiwa na simu mkononi.

Kaunta ya Maneno
Ndugu Kilomita Tano, kwa sare uko sahihi, kwa kuwa kila kata ina wanafunzi. Wanawake wanaovaa namba 44 ni wachache katika mji wowote, na ukiwatafuta ndani ya duara dogo utawamaliza upesi. Isitoshe, mtandao haujui urefu wa mguu wa mtu. Unajua umri, jinsia, mahali na mambo anayoyafuatilia, basi. Kazi ya kuchuja inabaki kwa maneno, na maneno ya dada hayachuji chochote, kwa sababu hayataji hata namba. Mwanamke wa namba 38 amekiona kiatu kizuri, amebonyeza, na dada amelipia.

Ila kabla sijaandika lolote, nina swali. Hao sabini waliuliza nini, na wewe ulijibu nini?

Binti wa Makole
Wengi waliuliza bei, wengine kama namba yao ipo. Niliwajibu wote kwa adabu. Picha ni ya kiatu chekundu cha kisigino kifupi, nilimlipa kijana aitengeneze vizuri, kwa hiyo nisingependa kuibadilisha.

Kaunta ya Maneno
Na hicho chekundu unazo pea ngapi?

Mrefu wa Ukonga
Mimi ni namba 44, kwa hiyo naomba nisikilizwe kama mnunuzi. Tafadhali msije mkaandika "Je, una miguu mikubwa?" Nimekua nikichekwa kwa jambo hilo, na siwezi kubonyeza kitu kinachonisema hivyo wakati nimekaa na wenzangu. Niandikieni namba tu. Nikiona "42 hadi 45" najua ninaambiwa mimi, na aliye pembeni yangu hajui. Halafu dada, vile vyeusi vya kufunika, vya kuvaa ofisini, unavyo?

Binti wa Makole
Dada Mrefu, vyeusi vipo.

Kaunta, kile chekundu kilikuwa pea moja. Viatu vyangu ni vya mtumba. Ninavichagua belo linapofunguliwa, na kila pea iko peke yake. Sasa hivi zipo kama arobaini. Chekundu kilinunuliwa siku ya kwanza. Sikusema mtumba kwenye tangazo kwa sababu watu wakiliona neno hilo wanategemea bei ya mnadani, wakati mimi nauza 30,000 hadi 40,000 na faida yangu ni kama 12,000 kwa pea.

Msema Kweli
Hapo ndipo biashara zetu zinapoharibika. Mteja akigundua mwenyewe kwamba kiatu ni cha mtumba, hatarudi, na atawaambia wengine. Mimi niliuziwa redio iliyotumika kwa jina la mpya, na hadi leo sipiti mtaa ule.

Shaka Kwanza
Samahanini, lakini hadithi hii hainiingii. Mtu anajua faida yake kwa kila pea, lakini hajui kwamba analipia tangazo la kiatu kilichokwisha kuuzwa? Nadhani duka halipo, au uzi huu wenyewe ndio tangazo. Tayari mnunuzi wa namba 44 amejitokeza na ameambiwa vyeusi vipo.

Mrefu wa Ukonga
Mimi simjui huyu dada.

Binti wa Makole
Sijataja jina la duka wala namba ya simu, na sitaitaja hapa. Tangazo linaendeshwa na mdogo wangu kwa simu yake, yuko chuoni, na mimi napokea ujumbe tu. Nilijua chekundu kimekwisha, lakini nilidhani kinavuta watu ili waone vingine.

Kaunta ya Maneno
Ndugu Shaka, hata kama duka halipo, tatizo lipo kwa kila anayeuza bidhaa ya pea moja moja, kwa hiyo naendelea.

Dada, kiatu kilichoisha kinavuta watu waliokitaka chenyewe, na wakikosa wanaondoka. Kwa faida ya 12,000, unahitaji kuuza pea kumi kurudisha 120,000 tu, na umeuza nne. Usitangaze kiatu, tangaza rafu. Piga picha ya pea sita au saba zikiwa pamoja, na namba zikionekana kwenye soli. Ile picha ya chekundu usiitumie tena, hata kama ilikugharimu.

Jambo la pili ni vipimo. Viatu vya mtumba huja na namba za Ulaya, Uingereza na Marekani vikiwa vimechanganyika, na hata za mfumo mmoja hutofautiana kwa kiwanda. Pima soli ya ndani ya kila pea kwa futi kamba, uandike sentimita kwenye daftari. Mteja asimame kisigino kikiwa kimegusa ukuta, apime hadi ncha ya kidole kirefu. Kiatu cha kufunika kinataka soli ya ndani iuzidi mguu kwa karibu sentimita moja.

Maneno ningeyaandika hivi, jambo kuu likitangulia, kwa sababu kwenye simu mistari ya mwanzo tu ndiyo huonekana:

"Viatu vya kike, namba 42 hadi 45. Mtumba uliochaguliwa, kila pea ni moja tu, 30,000 hadi 40,000. Tuma urefu wa mguu wako kwa sentimita, tukutumie picha za pea zinazokutosha. Tupo Dodoma, mikoani tunatuma kwa basi."

Bei inawaondoa wasioweza kabla hawajabonyeza. Maswali yatapungua, na usiogope hilo. Hesabu waliotuma sentimita. Hao ndio wateja.

Fedha zilizobaki usizigawe kwa matangazo matatu. Weka moja, uliwashe siku chache kila unapopata mzigo, ulizime pea zikipungua.

Binti wa Makole
Picha ya rafu nakubali, na sentimita nakubali. Neno mtumba naomba nilitaje kwenye WhatsApp, mtu akishauliza.

Msema Kweli
Hapana, dada. Litajwe mapema.

Kaunta ya Maneno
Ukilipeleka WhatsApp, utakuwa umelipia mbonyezo wa kila asiyetaka mtumba. Uamuzi ni wako.

Kilomita Tano
Bado hamjanijibu. Kiatu kikifika Kigoma kikambana vidole, nauli ya kukirudisha analipa nani?

Mrefu wa Ukonga
Mimi nisingelipa nauli mara mbili. Hilo nalo ningetaka kulisoma kabla sijatuma fedha.

Binti wa Makole
Sijaliamua bado. Waliouza viatu kwa njia ya basi, ninyi mlikubaliana vipi na wateja?