Naomba ushauri: video imeshika kasi, posti zilizopangwa nizisogeze?

Habarini wanakikundi. Naendesha ukurasa wa Facebook wa waongoza watalii hapa Bagamoyo. Kwa kawaida video yetu hupata watazamaji kama 300 ndani ya saa 3 za mwanzo. Ya jana, fundi akitia jahazi kalafati, ilifika 9,000 kwa muda huohuo. Wengi si wafuasi wetu, na wanaoisambaza wamewapita wanaopenda, kwa hiyo sidhani kama ni bahati ya saa moja tu.

Kwenye Meta Business Suite nilikuwa nimepanga posti mbili. Ya utani nimeirudisha kwenye rasimu. Imebaki ya kesho asubuhi, bei za ziara ya magofu ya Kaole. Shida ni kwamba kwenye maoni watu wanauliza nauli ya jahazi lile, na lenyewe bado liko juu ya magogo! Nimebandika jibu juu ya maoni, lakini maswali hayaishi.

Je, hiyo ya Kaole niiache, niisogeze, au niibadilishe ianze na jahazi? Na mnapima nini kujua kasi imeshuka: watazamaji kwa saa au wanaosambaza?