Naomba ushauri: otoklevu, daftari na karatasi za komini, Bukavu

Bandugu wa saluni, kuna chumba cha manikiri na pedikiri kinataka kufunguliwa Kadutu. Otoklevu ni ya gesi, ya aina ya sufuria. Kitabu chake kinasema bari 1.05 kwa dakika 15, lakini hicho ni kipimo cha pwani. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo bari 1.05 inafika kama digrii 118 tu. Kupata 121 inahitaji karibu 1.2. Valvu yake inafunguka 1.05, na kuifunga kwa nguvu ni bomu.

Je, mnaongeza muda hadi dakika 30? Na daftarini mnaandika nini? Hapa kuna tarehe, namba ya mzunguko, vifaa, joto, presha, saa ya kuanza na kumaliza, saini. Tepu ya otoklevu ikibadilika rangi inaonyesha tu kwamba joto lilipita, haithibitishi kwamba vijidudu vimekufa.

La pili: komini inatoa patenti kwanza, ama watu wa ijieni wanakagua chumba mbele? Kodi ya nyumba inaanza kulipwa hata mlango ukiwa umefungwa.